Je, wajua? Ritifaa ya ng'ombe inaweza kumeza mistari 134

Je, wajua kwamba ritifaa moja tu, ile alama ndogo inayokaa kwenye neno ng'ombe, inaweza kuwazuia watu 134 kuingia kwenye hifadhidata huku kompyuta ikilalamika mara moja tu?

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilinipa faili la Excel lenye wanachama 412: namba, jina, wilaya, tarehe ya kujiunga na wastani wa lita za maziwa kwa siku. Kazi yangu ilikuwa kuwahamishia watu hao kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ziko njia za kupakia faili zima kwa mkupuo, lakini nilitaka kila mwanachama awe na amri yake ya INSERT, ili niweze kuusoma kila mstari kabla haujaingia. Kazi hiyo Excel yenyewe inaiweza. Unaandika fomula inayounganisha maneno ya amri na yaliyomo kwenye seli, unaivuta hadi mstari wa mwisho, unanakili safu nzima na kuibandika kwenye faili la maandishi.

Nikaanza na safu tatu tu, yaani namba, jina na wilaya:

```
="INSERT INTO wanachama (namba, jina, wilaya) VALUES ("&A2&", '"&B2&"', '"&C2&"');"
```

Fomula hii inafanya kazi vizuri kwa Masanja wa Geita. Kwa Ng'wandu wa Misungwi, aliyekuwa namba 38, ilitoa hiki:

```
INSERT INTO wanachama (namba, jina, wilaya) VALUES (38, 'Ng'wandu', 'Misungwi');
```

Mimi na wewe tunaona jina la Kisukuma. Hifadhidata haioni hivyo. Kwake alama hiyo ina kazi moja: kufungua maandishi na kuyafunga. Inaanza kusoma jina, inakutana na ritifaa, inaamua kwamba jina limekwisha na kwamba mtu huyu anaitwa Ng. Kisha inakuta neno wandu limesimama peke yake nje ya alama, nalo halina maana yoyote katika lugha ya SQL. Kosa litakalotangazwa ndilo hili:

```
ERROR:  syntax error at or near "wandu"
```

Mambo yangeishia hapo, angekosekana Ng'wandu peke yake. Lakini hesabu alama zilizo kwenye mstari ule: ziko tano. Kila alama inayofungua inahitaji ya kufunga, kwa hiyo ya tano inabaki imefungua bila mwenziwe. Mabano ya kufungia, nukta mkato ya mwisho wa amri, na mwanzo wote wa mstari wa 39, vyote vinahesabiwa kuwa maandishi ya kawaida. Alama ya kwanza ya mstari wa 39, ambayo ilipaswa kufungua jina, sasa inafunga. Kuanzia hapo kila kitu kimegeuka: majina yako nje na amri ziko ndani. Mstari wa 40 nao ni hivyo hivyo, wa 41 vilevile, na hakuna nukta mkato hata moja inayoonekana, kwa kuwa zote zimefichwa ndani ya maandishi yasiyo na mwisho.

Hali hiyo iliendelea hadi mstari wa 171, penye mwanachama pekee kutoka wilaya ya Nyang'hwale. Ritifaa ya Nyang'hwale ndiyo iliyourudisha mpangilio mahali pake. Nukta mkato ya mstari huo ikaonekana, na PostgreSQL ikahesabu kwamba imepokea amri moja, ndefu ajabu, iliyoanzia mstari wa 38 na kuishia wa 171. Ikaikataa yote. Mistari 134 ikapotea kwa kosa moja.

Na programu ya psql, unapoipa faili, haisimami inapokutana na kosa, isipokuwa uwe umewasha `ON_ERROR_STOP`. Inaendelea na amri inayofuata. Kwa hiyo skrini yangu ilijaa jibu la `INSERT 0 1`, ambalo maana yake ni mstari mmoja umeingia, mara 278, na katikati yao mlikuwa na mstari mmoja wa kosa uliopita kasi kuliko jicho. Nisingehesabu nisingejua:

```
SELECT count(*) FROM wanachama;
```

Jibu lilikuwa 278 badala ya 412. Ukiandika amri kwa mkono badala ya kutoka kwenye faili, dalili huonekana mapema zaidi. Programu ya mysql hubadilisha alama yake ya kusubiri kuwa `'>`, na psql nayo huchomeka ritifaa kwenye alama yake. Ukiiona ritifaa mahali pale, ujue kuna maandishi yaliyofunguliwa hayajafungwa, na chochote utakachoandika kitamezwa.

Je, wajua kwamba dawa ya ritifaa ni ritifaa nyingine? Ndani ya maandishi ya SQL, ritifaa mbili zinazofuatana husomwa kuwa ritifaa moja halisi. Ni kanuni ya lugha yenyewe, kwa hiyo inafanya kazi kwenye PostgreSQL, MySQL, Oracle, SQL Server na SQLite bila tofauti. Unaandika `'Ng''wandu'`, na kinachohifadhiwa ni Ng'wandu mwenye ritifaa moja, kama alivyoandikwa na wazazi wake. Kwenye Excel kazi hiyo hufanywa na `SUBSTITUTE`:

```
=SUBSTITUTE(B2,"'","''")
```

Itazame fomula hii kwa karibu, kwa sababu wengi huikosea hapa. Sehemu ya mwisho ni alama za kunukuu za Excel zilizobeba ritifaa mbili ndani yake. Kwa macho zinafanana na alama nne zilizorundikana, na mtu mwenye haraka huweka alama mbili za kunukuu pacha pale palipotakiwa ritifaa mbili. Jina likitoka `Ng"wandu`, umefanya kosa hilo.

Wapo wanaojaribu kukwepa shida kwa kulizungushia jina alama pacha, yaani `"Ng'wandu"`. MySQL katika mipangilio yake ya kawaida inakubali. PostgreSQL haikubali: kwake alama pacha hushika majina ya safu na majedwali, kwa hiyo itakujibu kwamba hakuna safu inayoitwa Ng'wandu. Anayehama kutoka MySQL huumizwa sana na jambo hili, kwani jana yake lilikuwa likifanya kazi.

Na wapo wanaofuta ritifaa kabisa ili mambo yaende. Hilo nalipinga kwa moyo wote. Katika Kiswahili ng' na ng ni sauti mbili tofauti: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu na tamaa. Jina la mtu likipoteza ritifaa limekuwa jina jingine, na siku atakapokuja na kitambulisho chake mkononi, hayo mawili hayatalingana. Hifadhidata ina uwezo kamili wa kuhifadhi ng'. Anayeshindwa ni yule asiyeongeza alama moja.

Baada ya kurekebisha nikapata wanachama wote 412, nikadhani suala la ritifaa limekwisha. Kisha nikatafuta wote ambao majina yao yana ng', nikamwona mmoja tu, ilhali kwenye faili nilikuwa nimewahesabu kumi.

Je, wajua kwamba kuna ritifaa ambayo si ritifaa? Nusu ya pili ya orodha ile ilikuwa imechapwa kwanza kwenye Word, kisha ikabandikwa Excel. Word, kwa hisani yake, huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda kama mkia, ’, inayopendeza kwenye vitabu. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizohusiana. Iliyonyooka ina namba 39, iliyopinda ina namba 8217. Ile iliyopinda haifungi wala haifungui chochote katika SQL, kwa hiyo inaingia bila kelele, na ndiyo maana wale tisa hawakuleta kosa hata moja. Lakini karani anayemtafuta mtu kwa ritifaa ya kwenye kibodi hatampata. Atamwandikisha upya, na mfugaji mmoja atakuwa na kumbukumbu mbili. Tiba ni kuzinyoosha kwanza, ndipo uzirudufu:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),"'"),"'","''")
```

Ukiwa na MySQL, angalia pia mkwaju wa nyuma, `\`. Kwa kawaida MySQL huupa mkwaju huo maana maalumu ndani ya maandishi, kwa hiyo nao unapaswa kurudufiwa. Kwenye majina ya watu haupatikani sana, lakini kwenye njia za mafaili umejaa.

Sasa tuje kwenye kisichoandikwa. Je, wajua kwamba seli tupu ziko za aina tatu, na zote zinafanana kwa macho?

Ya kwanza ni tupu kwelikweli: hakuna aliyegusa. Ya pili ina fomula iliyojibu maandishi yasiyo na herufi hata moja. Excel yenyewe ukiiuliza kwa `ISBLANK` itasema seli hiyo si tupu, kwa sababu ndani mna fomula. Ya tatu ina nafasi, ile inayotokana na mtu kubonyeza kitufe kirefu cha kibodi na kuendelea na mstari mwingine. Kuna hata nafasi ya namba 160, ambayo huja na data iliyonakiliwa kutoka kurasa za tovuti, na hiyo `TRIM` haiiondoi. Ili uitambue, pima urefu kwa `LEN`: seli inayoonekana tupu ikikuambia ina herufi 1, kuna mgeni ndani.

Katika orodha yangu safu ya lita ilikuwa na mapengo, kwa sababu baadhi ya wafugaji walikuwa bado hawajapimiwa maziwa. Fomula ya kawaida ilipofika kwao ilitoa mabano yanayoishia na koma isiyofuatwa na kitu, na hifadhidata ikakataa. Hilo si baya, maana angalau linapiga kelele. Baya ni lile linalofanywa na mtu aliyechoshwa na kelele hizo: anajaza sifuri.

Chukua wafugaji watano. Wanne wanaleta lita 8, 10, 12 na 6, wa tano hajapimiwa. Wastani wa waliopimiwa ni lita 9. Ukimwekea wa tano sifuri, jumla inabaki 36 lakini sasa inagawanywa kwa watano, na wastani unashuka hadi 7.2. Ng'ombe wa kijiji kizima wameonekana dhaifu kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuna anayejua anakamua kiasi gani. SQL ina neno la hali hiyo, `NULL`, lenye maana kwamba thamani haijulikani, na `AVG` huiruka `NULL` yoyote inayoikuta. Sifuri ni habari kamili: amekamua, hakupata kitu.

Neno lenyewe linaandikwa bila alama za kunukuu. Ukiandika `'NULL'` umehifadhi neno lenye herufi nne, na utakuwa na mwanachama ambaye wilaya yake inaitwa Null. Kwa hiyo alama za kunukuu haziwezi kukaa nje kwenye fomula kubwa kama nilivyofanya mwanzo. Ni lazima ziingie ndani ya `IF`, ili zitokee pale tu penye maandishi:

```
=IF(TRIM(B2)="","NULL","'"&SUBSTITUTE(TRIM(B2),"'","''")&"'")
```

Kuna tofauti nyingine kati ya `NULL` na maandishi matupu `''`, nayo huwashangaza wengi. Ukiiwekea safu ya namba za simu sharti kwamba zisijirudie, halafu watu wawili wasio na simu ukawawekea `''`, PostgreSQL na MySQL zitamkataa wa pili, kwa kuwa maandishi matupu mawili ni kitu kimoja kilichojirudia. Ukiwawekea `NULL` wote wanaingia, maana vitu viwili visivyojulikana havihesabiki kuwa sawa. Oracle yenyewe haina tofauti hiyo kabisa: kwake `''` ni `NULL`.

Upande wa tarehe ndiko kulikonila siku mbili nzima. Je, wajua kwamba Excel haihifadhi tarehe? Inahifadhi namba ya siku, kuanzia 1 kwa tarehe 1 Januari 1900, kisha inaivisha namba hiyo vazi la tarehe kwenye skrini. Tarehe 7 Machi 2024 ndani ya seli ni 45358. Ukiiunganisha kwenye fomula kwa `&`, vazi linavuliwa, na amri yako inabeba 45358 mahali pa tarehe. Safu ya hifadhidata ikiwa ni ya maandishi, namba hiyo itapokewa na kukaa humo miaka na miaka.

Kalenda hiyo ya Excel ina siku isiyowahi kuwepo. Namba 60 ni 29 Februari 1900, ilhali mwaka 1900 haukuwa mrefu, kwa kuwa miaka ya mamia huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Kosa lilitoka kwenye Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotawala miaka ya 1980, na Excel ikalibeba kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila tarehe kuyumba. LibreOffice ikachagua njia nyingine: kwake siku ya sifuri ni 30 Desemba 1899, na kwa hiyo kuanzia Machi 1900 namba zake na za Excel ni zilezile. Mafaili yaliyotoka kwenye Excel za zamani za Macintosh yanaweza kuhesabu kuanzia mwaka 1904. Ukiona tarehe zote za faili zimesogea kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja, chanzo ndicho hicho.

Ili tarehe iingie kwenye amri ikiwa tarehe, unaigeuza kuwa maandishi yanayoanza na mwaka:

```
=TEXT(D2,"yyyy-mm-dd")
```

Mpangilio huo, 2024-03-07, hauna utata na unakubalika katika PostgreSQL, MySQL na SQLite. Oracle inataka neno DATE litangulie, `DATE '2024-03-07'`, na PostgreSQL na MySQL nazo zinalielewa. SQL Server ina ugeni wake: safu ikiwa ya aina ya `datetime` na lugha ya mtumiaji ikiwa ni ya kuanza na siku, inaweza kuisoma 2024-03-07 kuwa 3 Julai. Kule andika `'20240307'` bila vistari, na hakuna lugha itakayoibadilisha.

Lakini ipe `TEXT` seli tupu, uone. Excel inaichukulia seli tupu kuwa sifuri, na siku ya sifuri kwake ni 1900-01-00, tarehe sifuri ya mwezi Januari. LibreOffice itakuambia 1899-12-30. PostgreSQL inaikataa ile ya kwanza, kwani hakuna tarehe sifuri, ila hiyo ya pili ni tarehe halali na inaingia. SQLite, isiyo na aina maalumu ya tarehe, inazipokea zote mbili kama maandishi. Ukiwa na shaka, uliza tarehe ya kwanza kabisa kwenye jedwali:

```
SELECT min(tarehe) FROM wanachama;
```

Chama kilichoanza juzi kikiwa na mwanachama aliyejiunga kabla ya Vita vya Maji Maji, ujue seli tupu ilipenya.

Kwa wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura wenye kompyuta za Kifaransa kuna mtego wa ziada. Kule `TEXT` inataka herufi za Kifaransa, `"aaaa-mm-jj"`, na sehemu za fomula hutenganishwa kwa nukta mkato badala ya koma. Fomula isiyojali lugha ya kompyuta ni kuichomoa tarehe vipandevipande: `YEAR`, `MONTH` na `DAY`, kisha kuviunganisha kwa vistari, miezi na siku zikiwa zimepitishwa kwenye `TEXT` ya `"00"`. Majina hayo matatu Excel yenyewe huyatafsiri faili linapofunguliwa kwenye kompyuta ya Kifaransa, lakini `"yyyy-mm-dd"` iliyo ndani ya alama za kunukuu haiigusi. Mtego huohuo uko kwenye lita: kule 12.5 huandikwa 12,5, na ikiingia kwenye mabano ya VALUES inakuwa thamani mbili, 12 na 5, ndipo hifadhidata inapolalamika kwamba thamani zimezidi safu.

Yote hayo yana dalili. Kuna moja lisilo na dalili, na ndilo nililotaka hasa ulijue.

Sisi tunaandika siku kwanza, 07/03/2024, yaani tarehe saba Machi. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa huku huja na mipangilio ya Kimarekani, ambayo huanza na mwezi. Faili la CSV lenye tarehe hiyo likifunguliwa kwenye Excel ya namna hiyo, 07/03/2024 inakuwa 3 Julai. Namba ya siku inaruka kutoka 45358 hadi 45476, siku 118 mbele, na kwenye skrini bado unaona tarakimu zilezile zinazokuridhisha. Wakati huohuo 25/03/2024 haiwezi kugeuzwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Excel inaiacha kama maandishi.

Hapo ndipo penye fununu. Namba na tarehe za kweli hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu moja ya tarehe nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, usishughulike na zile za kushoto peke yake. Hizo ndizo salama, kwa kuwa hazijaguswa. Zilizoharibika ni za kulia, zile zinazoonekana nzuri. Katika mwaka wa siku 365, siku 221 ziko baada ya tarehe 12 ya mwezi na zitabaki maandishi, siku 12 kama 4 Aprili au 9 Septemba hazibadiliki hata zikipinduliwa, na siku 132 zitageuka kimyakimya kuwa siku nyingine halali.

Tabia hiyo ya Excel ya kukimbilia kuona tarehe imewasumbua hata wanasayansi. Jeni za binadamu zilizoitwa `SEPT2` na `MARCH1` zilikuwa zikigeuzwa kuwa 2 Septemba na 1 Machi, na mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatana na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati inayozipa jeni majina ikatangaza mabadiliko: `SEPT2` ni `SEPTIN2`, na `MARCH1` ni `MARCHF1`.

Mimi safu ya tarehe niliiandikia fomula inayokataa kubahatisha:

```
=IF(TRIM(D2)="","NULL",IF(ISNUMBER(D2),"'"&TEXT(D2,"yyyy-mm-dd")&"'","KAGUA"))
```

Seli ikiwa tupu inatoa `NULL`. Ikiwa na tarehe halisi inatoa tarehe. Ikiwa na maandishi inatoa neno KAGUA bila alama za kunukuu, ambalo hifadhidata italidhania kuwa jina la safu isiyokuwepo na kulikataa. Nilitaka likataliwe. Faili zima nikalitanguliza na `BEGIN;` na kulimalizia na `COMMIT;`. Katika PostgreSQL kosa moja likitokea kati ya maneno hayo mawili, hakuna hata mstari mmoja unaobaki, na ile hali ya kuwa na 278 kati ya 412 haiwezi kujirudia.

Nilipoivuta fomula hadi chini, KAGUA zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba nilijua mara moja faili liliwahi kupita kwenye kompyuta ya mipangilio ya Kimarekani. Za KAGUA nilizirekebisha kwa dakika chache, maana siku, mwezi na mwaka vilikuwa bado vimo kama vilivyoandikwa. Zilizobaki, zile za kulia, hakuna fomula iliyoweza kuniambia ipi ilipinduliwa na ipi ilichapwa baadaye kwa mkono ikiwa sahihi. Katibu wa chama akaniletea daftari la uandikishaji, lenye jalada jeusi na kona zilizoliwa na mchwa. Tukakaa naye mezani, yeye akisoma tarehe kwa sauti, mimi nikiweka alama mstari kwa mstari, mpaka tukafika kwa Ng'wandu. Excel ilisema alijiunga 3 Julai. Daftari lilisema 7 Machi.